Shajara ya mradi: kampuni moja, majina matatu, anwani mbili

Jumatatu

Nianze na mazingira kwanza. Ofisi yetu iko Moshi na tunatunza orodha ya kampuni za utalii kwa ajili ya hoteli ndogo kadhaa, nyingine ziko huku na nyingine Arusha, hoteli zinapokea wageni wa kampuni alafu zinatoa invoisi mwisho wa mwezi. Orodha ilijengwa kidogo kidogo na watu tofauti, kila mtu aliingiza alichokiona, wengine kutoka kwenye kadi za biashara, wengine kutoka kwenye saraka za mtandaoni, wengine walipiga simu. Kazi niliyopewa ni kuisafisha iwe na rekodi moja kwa kila kampuni.

Sehemu kubwa inakwenda vizuri, ni mambo ya "Ltd" na "Limited", nafasi mbili badala ya moja, vitu vya hivyo. Ila kuna kampuni moja imenikalia kooni, na hii shajara nimeamua niiandike kwa ajili yake peke yake maana nikiitatua hii nyingine nyingi zitafuata njia hiyo hiyo. Jina silitaji. Niiite M.

Kwenye Eksel yetu M ipo mara tatu. Kuna "M Safaris Ltd" yenye sanduku la posta la Moshi na simu ya mezani. Kuna "M Safaris & Trekking" yenye namba ile ile ya sanduku ila mji umeandikwa Arusha. Alafu kuna "M Adventures Limited" ya Arusha, simu ya mkononi tu, haina sanduku. Imeili ya ya pili na ya tatu ni moja. Dada mhasibu wa hoteli moja ndo aliyelianzisha, alitaka kujua invoisi ya wageni wa mwezi uliopita aitoe kwa jina gani na TIN ipi, na ana haki ya kuuliza kwa sababu risiti ya EFD ikitoka na TIN isiyo ya mnunuzi basi mnunuzi atarudi kulalamika akienda kudai VAT yake, na kuirekebisha risiti ambayo imeshatoka kwenye mashine ni usumbufu mtupu.

Jioni

Nimepitisha majina yote kwenye kafunction kadogo ka kutengeneza ufunguo, ili majina yanayofanana yajikusanye yenyewe:

```python
import re
def ufunguo(jina):
    j = jina.lower().replace("&", " and ")
    j = re.sub(r"[^a-z0-9 ]", " ", j)
    j = re.sub(r"\b(limited|ltd|company|co|and)\b", " ", j)
    return " ".join(sorted(set(j.split())))
```

Kinafanya kazi kwa vitu vyepesi. Lakini kwa M hakisaidii, maana "Safaris", "Safaris Trekking" na "Adventures" ni maneno tofauti kweli. Dogo wa IT akanishauri niyaondoe na hayo, yaani safaris, tours, adventures, expeditions, yote yatoke, libaki jina lenyewe. Nilimjibu hapana, na sababu yake ni ya hapa hapa kwetu: ukiondoa maneno hayo kwenye orodha ya kampuni za Arusha na Moshi unabaki na milima, mbuga na wanyama. Kampuni zenye jina la Kilimanjaro ndani yake ziko ngapi? Zote zitakuwa kampuni moja. Kwa hiyo jina linatumika kuleta watuhumiwa mezani, hukumu inatolewa na vitu vingine.

Jumanne

Leo nimekusanya kila kilichoandikwa kuhusu M mtandaoni. Saraka nne za biashara, ramani ya Google, mtandao mmoja wa watalii kuandika maoni, websaiti yao wenyewe, na utafutaji wa BRELA, msajili wa kampuni na majina ya biashara.

Saraka nne zote zinasema kitu kimoja: M Safaris & Trekking, Boma Road, Arusha, sanduku lile lile, simu ile ile. Mtu akiona hivyo anasema basi, nne dhidi ya moja, Eksel yetu inayosema Moshi ndo imekosea. Na ndivyo mtu wa zamu aliyekuwepo kabla yangu alivyofanya, kuna nota kwenye seli imeandikwa "imethibitishwa saraka 4".

Sasa nikaziweka hizo saraka nne kwenye skrini pembeni kwa pembeni, nikasoma herufi kwa herufi. Zote nne zimeandika "Boma Raod". Zote nne, R-A-O-D. Alafu simu yao ina tarakimu tisa, na namba zetu ukianza na sifuri ni kumi, kwa hiyo kuna tarakimu moja ilidondoka na wote wameidondosha mahali pale pale. Watu wanne hawawezi kukosea hivyo hivyo kila mmoja kivyake, hapo kuna mmoja aliyeandika na watatu walionakili. Ushahidi wa saraka nne ni ushahidi wa mtu mmoja aliyechapa haraka haraka.

Hii nimeiweka kama kanuni ya mradi mzima: kabla ya kuhesabu vyanzo vingapi vinakubaliana, tafuta makosa wanayoshirikiana. Taarifa sahihi haikuambii kitu maana kila mtu anaweza kuifikia mwenyewe, ila kosa linakuambia nani kanakili kwa nani. Kama hakuna kosa la kushirikiana, angalia maelezo marefu ya kampuni, yale ya "tunatoa huduma bora", yakiwa neno kwa neno basi ni kitu kile kile.

Kuhusu mji nadhani najua kilichotokea. Boma Road ipo Moshi na Boma Road ipo Arusha. Mnara wa Saa upo Moshi na upo Arusha. Mtu akiandika "Boma Road, karibu na Clock Tower" bila mji, mtu wa Dar au wa India anayejaza saraka ataweka Arusha kwa sababu ndo mji wa safari anaoujua. Na sanduku la posta nalo halijitegemei, namba ya sanduku ni ya posta ya mji husika, namba hiyo hiyo inaweza kuwa Moshi kwa mtu mmoja na Arusha kwa mtu mwingine kabisa, kwa hiyo S.L.P. bila mji sio anwani. Mimi kwenye jedwali letu nimefunga namba ya sanduku na mji kwenye seli moja, hairuhusiwi kuvitenganisha.

Kuna kitu kingine kidogo kwenye simu. Rekodi ya Moshi kwenye Eksel ina 027 275, na hiyo 275 ni ya Moshi, Arusha mara nyingi utaona 250 au 254. Kwa hiyo simu ya mezani inaongea mji hata anwani ikikaa kimya. Simu ya mkononi haikuambii mji, na siku hizi haikuambii hata mtandao maana tangu 2017 mtu anaweza kuhama mtandao na namba yake. Na mkikuta rekodi yenye 055 au 057 mbele, hizo ni namba za eneo za zamani za Moshi na Arusha kabla ya 027, msiifute, inakuambia umri wa chanzo chako bure kabisa.

Jumatano

Nimebadilisha muundo wa jedwali. Zamani ilikuwa mstari mmoja kampuni moja, na kila ukibadilisha seli taarifa ya zamani inapotea. Sasa kila dai lina mstari wake, huu wa risiti niliuongeza baadaye, Ijumaa:

```
sehemu | thamani              | chanzo      | asili      | lini
mji    | Moshi                | Eksel       | kadi       | zamani
mji    | Arusha               | saraka 1-4  | saraka 1   | haijulikani
jina   | M ADVENTURES LIMITED | risiti EFD  | risiti     | mwaka huu
```

Safu ya "asili" ndo ya muhimu, chanzo ni pale nilipoisoma, asili ni pale ilipotoka kwanza. Saraka nne zina asili moja kwa hiyo zinapata kura moja. Na "haijulikani" ni jibu halali, saraka nyingi haziandiki tarehe, nikilazimisha tarehe nitakuwa natunga.

Ile asili ya saraka nimeitafuta kwenye Wayback Machine. Websaiti ya zamani ya M imehifadhiwa kule, na chini kabisa ya peji ya mawasiliano imeandikwa Boma Road, Moshi, Tanzania, na simu yenye tarakimu zote kumi. Kwa hiyo Moshi ilikuwa sahihi. Neno ni "ilikuwa", maana websaiti ya sasa inasema Sakina, Arusha, na haitaji Moshi hata mara moja.

Alafu ramani ya Google. Kuna pini Moshi yenye jina la M Safaris na chini yake imeandikwa imefungwa kabisa. Mwenzangu alipoiona akasema basi kampuni imekufa, tuiandike "imefungwa" tuendelee na maisha. Nikamwambia pini inaongelea mlango, haiongelei kampuni. Ofisi ikihama, mtu aliyekwenda akakuta pamefungwa anaripoti pamefungwa, na ni kweli pamefungwa. Uhai wa kampuni unauangalia kwenye daftari la msajili, na hata huko kuna tofauti kati ya kampuni ambayo haifanyi biashara na kampuni iliyofutwa. Nimegawa safu ya "hali" ikawa mbili, hali ya ofisi na hali ya usajili. Zilivyokuwa pamoja zilikuwa zinazalisha migongano ambayo haipo.

Vile vile mwaka wa kuanzishwa. Mtandao wa maoni ya watalii unasema M ilianza 1998, BRELA inasema M Safaris Limited imesajiliwa 2006. Wote wanaweza kuwa wakweli. 1998 ni mwaka mtu alianza kupandisha wageni mlimani, 2006 ni mwaka karatasi ilitoka. Safu mbili tena, moja "usajili" na nyingine "wanavyosema wenyewe".

Alhamisi

BRELA leo. Kwa wasiojua, pale kuna madaftari mawili yasiyofanana, kampuni ni sheria nyingine na jina la biashara ni sheria nyingine, na watu wengi wanatafuta upande mmoja wakikosa wanasema haipo. Nimetafuta pande zote. M Safaris Limited ipo upande wa kampuni. M Adventures Limited ipo upande wa kampuni, imesajiliwa 2019. M Safaris & Trekking haipo upande wa kampuni, ipo upande wa majina ya biashara.

Hilo la tatu limenifungua macho sana. Jina la biashara sio mtu mbele ya sheria, ni jina ambalo mtu au kampuni fulani inafanyia kazi. Kwa hiyo rekodi ya pili kwenye Eksel yetu haikutakiwa iwe rekodi kabisa, ilitakiwa iwe jina la ziada chini ya mmiliki wake. Swali likabaki mmiliki ni nani kati ya hizo mbili.

Na swali kubwa zaidi: M Safaris na M Adventures ni kampuni moja iliyobadilisha jina, au ni mbili? Hapa ndipo watu wengi wanaotengeneza orodha wanakosea, wanaona imeili moja, mkurugenzi yule yule, logo ile ile, wanaunganisha. Njia ya kujua ni namba. Kampuni ikibadilisha jina inapewa cheti cha kubadili jina lakini namba yake ya usajili inabaki, na TIN yake inabaki. Kampuni ikiwa mpya inapata namba mpya na TIN mpya. Angalizo moja kwa namba za BRELA, za zamani ni fupi na za tangu mfumo wa mtandaoni wa ORS uanze 2018 ni ndefu, kwa hiyo ukiona fupi na ndefu usikimbilie kusema moja imekosewa kuchapwa, kwanza angalia mwaka.

Za M ni mbili tofauti, moja fupi ya 2006 na moja ndefu ya 2019. Ila sikutaka kumalizia hapo, nikaomba upande wa kodi nao useme.

Ijumaa

Nimeenda kwa dada mhasibu. "Dada shikamoo, naomba unifungulie lile boksi la risiti za M." Akacheka, akaniambia marahaba, boksi liko chini ya meza jisaidie mwenyewe.

Risiti ya EFD ni kitu kizuri sana kwa kazi hii na watu hawaitumii. Juu kabisa kuna jina la muuzaji, chini yake TIN yenye tarakimu tisa, kama ana VAT kuna VRN, namba ya usajili wa VAT, inayoishia na herufi, chini kuna tarehe na namba ya uhakiki. Hajaandika mtu wa saraka, imetoka kwenye mashine iliyosajiliwa kwa mlipakodi huyo, na unaweza kuihakiki kwenye verify.tra.go.tz ukaona kama TRA wanaitambua. Na ina tarehe, kitu ambacho saraka hazina.

Tatizo hoteli ndo inayowauzia M malazi, kwa hiyo risiti nyingi zilikuwa za hoteli kwenda M. Ila M nao huwa wanakodisha magari kwa hoteli wageni wakitaka kwenda kushinda Arusha au Chemka, na hizo risiti za M zilikuwepo, nyingine zimefifia hadi unaziinua kwenye mwanga wa dirisha usome, karatasi ya joto ikikaa karibu na dirisha mwaka mmoja imekwisha (jamani pigeni picha risiti zenu).

Nikazipanga kwa tarehe kwenye meza. Za zamani zote: M SAFARIS LIMITED, TIN moja. Kuna kipindi hakuna risiti kabisa, ni miaka ya korona, hakuna wageni. Alafu zinaanza tena: M ADVENTURES LIMITED, TIN nyingine, mtaa Sakina. Hakuna hata moja ya jina la zamani baada ya hapo, na hakuna TIN moja yenye majina mawili. Ingekuwa wamebadilisha jina tu, ningeona TIN ile ile ikivaa jina jipya. Kwa hiyo ni kampuni mbili, BRELA na TRA wamesema kitu kimoja, na hawa wawili hawajanakili kwa saraka.

Nikahakiki risiti moja mpya kwenye simu palepale, ikasoma. Ya zamani sana iliyofifia namba yake ya uhakiki haisomeki, nimeiandika "haijahakikiwa" ingawa jina na TIN vinaonekana.

Mchana

Nikapiga simu. Kabla ya kupiga nilimpa mwenzangu maelekezo ya jinsi ya kuuliza, maana hapo napo data inaharibika. Ukimsomea mtu "nyie ni M Safaris and Trekking ya Boma Road si ndio?" atakuambia ndio, kwa heshima, au kwa sababu ana mgeni mbele yake, au kwa sababu zamani ilikuwa hivyo. Usimsomee, muulize kitu ambacho lazima akitamke mwenyewe.

Akapokea dada mmoja. "Habari za kazi dada, napiga kutoka Moshi, tunaandaa invoisi yenu, naomba unitajie jina la kuandika juu na TIN." Akataja M Adventures Limited, akataja TIN tarakimu tatu tatu, inafanana na ya risiti mpya. Nikamuuliza na M Safaris je? Akasema, "Ah, ile ni ya mzee huko Moshi, ilibaki kwa mzee, sisi huku ni ya watoto." Na Safaris and Trekking? "Hilo ni letu, tunalitumia kwenye kutangaza." Nikamuomba anitumie kopi ya cheti cha TIN, cha jina la biashara na leseni ya biashara, akatuma kwa WhatsApp kabla ya saa kumi. Cheti cha jina la biashara mmiliki ameandikwa M Adventures Limited.

Kwa hiyo hivi ndivyo rekodi zilivyokaa sasa. M Adventures Limited ni rekodi kamili, Sakina, Arusha, na chini yake jina la kutangaza M Safaris & Trekking. M Safaris Limited ni rekodi nyingine, Moshi, usajili wa 2006, hali ya ofisi imefungwa, hali ya usajili bado ipo kwenye daftari. Kati yao nimeweka kiungo "inahusiana na", na nimeandika wazi isigeuzwe kuwa "ni sawa na". Sababu dada mhasibu aliiona haraka kuliko mimi: kuna invoisi ya zamani ya M Safaris ambayo haijalipwa hadi leo, na mtu alikuwa ameshaanza kuihamishia kwa M Adventures kwa vile "ni hao hao". Deni la kampuni ya mzee halihami kwenda kampuni ya watoto kwa sababu wana imeili moja. Ile invoisi imerudishwa ilikokuwa, kufuatilia ni kazi ya hoteli.

Jumatatu nyingine

Nimepeleka maombi ya marekebisho kwenye saraka zote nne. Moja imejibu, imebadilisha. Mbili kimya. Ya nne imeniomba nilipie ili "nidai umiliki" wa kampuni ambayo sio yangu, nimeachana nayo. Sitegemei makosa yaishe huko nje, saraka itakayokuja kunakili kesho inaweza ikanakili kutoka kwa zile mbili, kwa hiyo kwenye jedwali letu nimeacha madai ya uongo nayo yabaki, yamewekewa alama "imekataliwa" na sababu pembeni. Mtu akija mwakani akikuta "Boma Raod" mahali asianze upya.

Kuna jambo moja halijafungwa. Websaiti ya sasa ya M Adventures chini kabisa ina namba ya leseni ya utalii, TALA kama wengi tunavyoendelea kuiita, na hiyo namba ipo pia kwenye ile websaiti ya zamani ya mzee. Inawezekana walikopi sehemu ya chini ya peji wakahamia nayo. Leseni inatolewa kwa kampuni iliyotajwa juu yake, haiambatani na familia, kwa hiyo siwezi kuijaza kwenye rekodi ya watoto mpaka nione leseni yenyewe ina jina la nani. Nimemuomba yule dada picha ya leseni ya mwaka huu, amesema bosi yuko porini na wageni hadi Alhamisi. Seli nimeiacha wazi, na mbele yake nimeandika "inasubiri leseni".

Inayofuata kwenye foleni ni kampuni ya kukodisha mahema yenye TIN moja na majina mawili, kwa hiyo, hiyo naanza kuitafutia cheti cha kubadili jina.